Ahadi milioni 26, mkononi milioni 15: harusi imebaki wiki moja, pengo linatoka wapi?

#1 Mhasibu wa Tabata

Wakuu habari. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wetu hapa Dar. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 19, na tarehe ya mwisho ya michango tuliweka tarehe 10, ambayo imeshapita. Naweka hesabu mezani.

Bajeti tuliyopitisha ni shilingi 23,800,000 kwa wageni 350. Ukigawanya unapata 68,000 kwa kila kichwa. Ahadi zilizoandikwa kwenye daftari ni 26,400,000, kwa hiyo siku tunapitisha bajeti kila mtu alipiga makofi, maana tulionekana tuna ziada ya milioni mbili na nusu. Mpaka leo asubuhi fedha iliyoingia ni 15,840,000. Hiyo ni asilimia 60 ya ahadi.

Nimepiga simu mpaka sauti imekauka. Kila mtu anasema "nakumbuka, nipo kwenye mpango". Naomba uzoefu wenu kwa mambo mawili: kwa kawaida ahadi huwa zinaingia asilimia ngapi? Na hii arobaini iliyobaki, kisa chake hasa ni nini? Kadi tumeweka singo 70,000 na dabo 100,000.

Nawasilisha.

#2 Ndege Mjanja

Mkuu, jibu unalo mwenyewe kwenye bandiko lako. Kichwa kimoja ni 68,000. Toa wageni 100 na unaokoa 6,800,000. Pengo lako la bajeti ni 7,960,000, kwa hiyo linabaki milioni moja na kitu, hiyo wazazi wanamalizia. Tatizo la kamati za Bongo ni kupenda ukumbi ufurike.

#3 Mzee wa Kibosho

Ndege, umefanya haraka. Huwezi kuzidisha 68,000 mara mia, kwa sababu kichwa kimoja kikiondoka, ukumbi haupungui bei. Pambo la meza kuu ni lile lile, mshereheshaji ni yule yule, keki imeshaagizwa, mpiga picha hapigi hesabu ya watu. Kinachoondoka na mgeni ni sahani yake na vinywaji vyake basi.

Mweka hazina, tupe mgawanyo: ukumbi, mapambo na kadhalika upande mmoja, chakula na vinywaji upande mwingine. Halafu tupe ahadi kwa makundi, yaani familia, kamati, marafiki na kanisa. Nimekaa kwenye kamati nyingi, Moshi na hapo Dar. Jumla ya ahadi peke yake haikuambii kitu. Daftari lisomwe kwa makundi.

#4 Kaka Mkubwa_K

Mimi siku hizi sichangii harusi ya mtu. Nachangia msiba na matibabu. Harusi ni furaha yenu, mwanipigia simu mara tano ya nini? Funga ndoa asubuhi, kula pilau nyumbani, maisha yaendelee.

#5 Mama Wawili

@Kaka Mkubwa_K hakuna aliyeuliza kama tuchange au tusichange. Kaka ameuliza ahadi zimekwenda wapi. Na nina hakika wewe ni mmoja wa walioandikwa kwenye daftari la mtu sasa hivi 😂

#6 Kaka Mkubwa_K

Nimeandikwa kwenye mawili. Sikuahidi mimi, nimeandikwa tu na mtu aliyesema "huyu namjua, mwandikie laki". Hilo nalo liwekwe kwenye sababu.

#7 Mhasibu wa Tabata

Asanteni. Mzee, mgawanyo ni huu.

Vitu ambavyo havibadiliki na idadi ya watu: ukumbi pamoja na viti na jenereta 3,500,000, mapambo 3,000,000, mavazi ya maharusi na wasimamizi 2,000,000, picha na video 1,800,000, mshereheshaji na muziki 1,500,000, magari 800,000, keki 600,000, kadi 450,000, vikao 350,000. Jumla 14,000,000 kamili.

Vinavyokwenda na mgeni: chakula 18,000 kwa sahani, vinywaji tumekadiria 10,000 kwa mtu. Kwa watu 350 ni 9,800,000.

Ahadi kwa makundi, na zilizoingia:

Familia: ahadi 9,000,000, imeingia 6,300,000.
Wanakamati: ahadi 5,400,000, imeingia 4,860,000.
Marafiki na wafanyakazi wenzake: ahadi 8,000,000, imeingia 3,600,000.
Kanisani, jumuiya na majirani: ahadi 4,000,000, imeingia 1,080,000.

#8 Mzee wa Kibosho

Sasa tunaongea. Kwanza tummalize Ndege: ukitoa wageni 100 unaokoa 28,000 mara 100, yaani 2,800,000, siyo milioni sita na laki nane. Bajeti inakuwa 21,000,000 kwa watu 250, na kila kichwa kinapanda kutoka 68,000 kuwa 84,000. Umepunguza watu na kila mmoja aliyebaki amekuwa ghali zaidi.

Pili, angalia una mapengo mawili na watu wanayachanganya kwenye vikao. Pengo la ahadi ni 10,560,000. Pengo la bajeti ni 7,960,000. Lile la kwanza ni la kupigia simu. La pili ndilo la kukunyima usingizi, na unaweza kulipunguza leo bila kumpigia mtu yeyote simu.

Tatu, wanakamati wamelipa asilimia 90. Wanakutana kila wiki, wanaangaliana machoni. Kundi la kanisani wamelipa 27 kwa mia. Nakuuliza: kwenye ile milioni nne, ngapi ni ahadi ya mtu mmoja mmoja, na ngapi ni ahadi ya kikundi? Kwa uzoefu wangu, "kwaya tunaahidi laki nane" ni ahadi isiyo na mwenyewe. Aliyesimama kuitamka alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Wanakwaya arobaini waliokaa hawakusikia kila mmoja anadaiwa elfu ishirini.

Na familia kuna nini? Asilimia 70 kwa familia ni ndogo. Hapo huwa kuna mtu mmoja.

#9 Mhasibu wa Tabata

Mzee umejuaje? Mjomba mmoja aliahidi 2,000,000 kwenye kikao cha kwanza cha familia, na hajatoa hata shilingi. Nikimtoa yeye, familia ni ahadi 7,000,000 na imeingia 6,300,000. Asilimia 90, sawasawa na kamati.

Za kanisani, zaidi ya nusu ni za vikundi. Kwaya, jumuiya mbili na vijana.

#10 Fundi Spika

Niongee kama mtu wa upande wa pili. Mimi nafunga muziki kumbi za Sinza na Mbezi. Kamati ikishatoa advansi, hairudi. Mkiamua leo kubadilisha ukumbi mpate wa bei nafuu, mnapoteza advansi na mnaanza kutafuta tarehe ambayo haipo.

Lakini watu wa chakula wako tofauti. Wengi wanataka idadi ya mwisho siku tatu nne kabla ya shughuli, kabla hawajanunua nyama na kuku. Mpaka hapo unaweza kushuka kutoka 350 mpaka 300 bila ugomvi. Ukisubiri Ijumaa jioni, utalipia sahani zote na nyingine zitarudi na masufuria.

Na vinywaji usinunue kwa kukadiria kichwa. Chukua kwa makubaliano ya kurudisha kreti ambazo hazijafunguliwa. Weka mtu wa familia asiyekunywa akae stoo na daftari, kreti zinavyotoka anaandika. Nimeona harusi vinywaji vinaisha saa tatu usiku huku kreti ziko nyuma ya gari la mtu.

#11 Mama Wawili

Mimi naona kisa kiko kwenye namna ahadi zinavyochukuliwa. Kwenye harusi ya binti wa dada yangu, mwenyekiti alifungua kwa kusema "mimi naanza na laki tano", akageuka kulia kwake. Aliyekaa kulia ni mwalimu wa shule ya msingi. Unadhani angesema elfu thelathini baada ya hapo? Alisema laki mbili. Aliyefuata akasema laki mbili. Kikaenda chumba kizima hivyo. Ile siku ahadi zilikuwa nzuri mpaka shangazi akapiga vigelegele.

Tulipokuja kukusanya, yule mwalimu alilipa elfu hamsini kwa vipande viwili, na tangu hapo akikutana nami sokoni anakata kona. Elfu hamsini ilikuwa uwezo wake wa kweli na ilikuwa mchango mzuri kabisa. Laki mbili ilikuwa ya mwenyekiti.

#12 Ndege Mjanja

Nimekubali hesabu ya Mzee. Lakini mnasahau tozo za miamala. Tangu ile tozo ya 2021 watu wanaogopa kutuma hela kwa simu. Mtu akikatwa kutuma na wewe ukakatwa kutoa, mchango unaliwa njiani.

#13 Bint Sahare

Tozo ilianza Julai 2021, kweli, na kelele zilikuwa kubwa mpaka Septemba mwaka ule ule wakaipunguza kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kulegezwa. Leo mtu anayetuma elfu hamsini makato yake ni hela ya vocha. Haiwezi kueleza milioni kumi. Kinachoumiza ni mweka hazina kutoa hela kidogo kidogo kila siku. Ikae kwenye simu, ukalipe mwenye ukumbi moja kwa moja kwa lipa namba.

#14 Ndege Mjanja

Sijasema inaeleza yote. Nimesema inachangia.

#15 Mama Wawili

Angalau kuna kitu kimechangia 😂

#16 Nyota ya Kakamega

Salamu kutoka Nairobi. Naomba nilete upande wa msiba, kwa sababu nimekuwa mshika fedha wa kamati ya mazishi ya baba mkubwa na mambo yalikuwa kinyume.

Msiba hauna miezi ya kuahidi. Tulifungua kundi la WhatsApp usiku ule ule, kila anayetuma jina lake linaongezwa kwenye orodha na kiasi. Bajeti ilikuwa shilingi 420,000 za Kenya: mochari, jeneza, gari la mwili kutoka Nairobi mpaka Kakamega, mabasi, hema na viti, chakula. Bili ya hospitali tuliiweka kando. Ahadi zilikuwa 260,000, zikaingia 198,000. Hiyo ni kama asilimia 76, bora kuliko harusi ya ndugu hapo juu. Lakini hatukungojea ahadi. Nyingi ya pesa iliyofunika bajeti ilitoka kwa watu ambao hawakuahidi chochote, walituma usiku wa kuamkia mazishi au waliweka mkononi siku yenyewe.

Shida yetu ilikuwa nyingine. Mochari inahesabu kila siku. Kamati ilisogeza mazishi wiki moja mbele ili michango iongezeke, na ile wiki ikala sehemu kubwa ya nyongeza. Wengine waliona pesa inaingia wakafurahi, hawakuona inakotokea.

Na hesabu ya kichwa msibani inadanganya. Tulipanga watu 400, ikawa shilingi 1,050 kwa mtu. Walikuja kama 700. Ukigawanya ni 600 kwa mtu, unaweza kudhani tulibana matumizi vizuri. Ukweli ni kwamba ng'ombe alikuwa yule yule na sufuria zile zile, na waliofika saa nane walikuta mchuzi wa kuoshea sahani. Akina mama walianza kuchemsha mchele mwingine wakati watu wanasimama kwenda kaburini.

#17 Mzee wa Kibosho

Nyota, umetoa jambo zito. Msibani mtu anatoa alichonacho, harusini anaahidi anachotarajia kuwa nacho. Hata hivyo usisahau, misiba yetu nayo ina watu wanaotangaza ng'ombe mbele ya umati na ng'ombe haonekani.

#18 Nyota ya Kakamega

Wapo, mzee. Tulitangaziwa wawili. Alifika mmoja.

#19 Bint Sahare

Huku Tanga kwetu, shughuli za akina mama zina daftari lake. Mimi nikikutunza doti ya khanga na elfu ishirini, inaandikwa. Siku yangu ikifika unarudisha kilicho sawa au zaidi kidogo. Asiyerudisha hahitaji kupigiwa simu, anajijua na wenzake wanajua. Ndiyo maana fedha inaingia bila kamati.

Kwa hiyo naona hao marafiki wa kazini waliolipa 45 kwa mia, swali ni je, bwana harusi mwenyewe aliwachangia wao? Kijana aliyeingia kazini juzi hana deni kwa mtu ofisini. Watu wanamwandikia laki kwa heshima, lakini hakuna kinachowasukuma.

#20 Mhasibu wa Tabata

Bint Sahare, ameingia kazini mwaka jana tu. Sikuwahi kuiangalia hivyo.

#21 Fundi Spika

Mimi siafiki sana. Angalieni tarehe. Harusi tarehe 19, michango mwisho tarehe 10. Wafanyakazi wanapata mshahara kuanzia tarehe 23 mpaka mwisho wa mwezi. Mmewaambia watu walipe katikati ya ukame. Nafunga muziki kila wiki na naona tofauti: harusi za Jumamosi ya kwanza ya mwezi kamati zinakuja na furaha, wanamalizia salio kabla sijashusha spika. Za wiki ya tatu ndiyo zile unalipwa nusu, nusu nyingine "Jumatatu njoo".

#22 Bint Sahare

Mshahara wa mwezi uliopita ulikuwepo, na ahadi ziko daftarini kwa muda mrefu. Mwenye nia angelipa kwa vipande. Wanakamati nao wanategemea mshahara ule ule na wamelipa 90.

#23 Fundi Spika

Wanakamati wanapigana macho kila Jumapili, kama alivyosema Mzee. Mtu wa ofisini unamkumbusha kwa ujumbe wa simu, anausoma yuko kwenye daladala, anausahau akishuka.

#24 Wakili Pembeni

Kwa wanaouliza faraghani kama mjomba wa milioni mbili anaweza kushtakiwa: kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ahadi ya kutoa bila kupokea chochote kwa kawaida haifungi. Kuna hoja za kisheria mtu anaweza kujaribu, hasa pale kamati ilipoingia gharama kwa kutegemea ahadi hiyo. Ila wakili mtakayemlipa atakula zaidi ya mnachokidai, na hamtakaa tena meza moja siku ya Krismasi. Mtafuteni mtu mzima anayemheshimu, aende nyumbani kwake. Asipige simu.

#25 Ndege Mjanja

Nina hoja nyingine na hii naomba Mzee asinikatize. Kadi ya dabo. Singo 70,000, dabo 100,000. Kwenye dabo kila mtu amelipa 50,000 wakati gharama ya kichwa ni 68,000. Kila dabo inaingiza hasara ya 36,000. Hata wangelipa wote, mngeanguka.

#26 Mzee wa Kibosho

Sikukatizi, hoja ni nzuri, ila imefika nusu ya njia. Yule mtu wa pili kwenye dabo ameongeza 30,000 na anakula 28,000. Hajaleta hasara, amekuachia elfu mbili. Ukifuta dabo, wengi hawatalipa singo mbili, watakuja peke yao au hawatakuja.

Mzigo mkubwa uko kwa wale wasio na kadi kabisa. Mhasibu, kati ya 350, wangapi wamechangia au ni wenza wa waliochangia?

#27 Mhasibu wa Tabata

Kwenye orodha wenye kadi ni 240. Waliobaki 110 ni wazazi wa pande zote, wazee, ndugu wanaotoka mkoani, watumishi wa kanisa, wasimamizi na watoto wa maua, mpaka madereva.

#28 Mzee wa Kibosho

Basi chukua 23,800,000 ugawe kwa 240. Ni elfu 99 na ushee kwa kila mwenye kadi. Hiyo ndiyo bei halisi ya kadi yenu, na ninyi mnaiuza 70,000 na 50,000. Tofauti inabebwa na michango mikubwa ya familia na kamati. Ndiyo maana mjomba mmoja akikosekana, nyumba nzima inatikisika. Mlijenga bajeti juu ya mgongo wake.

Sisi kule tulifika mahali tukaamua bajeti ipitishwe kwa fedha iliyoingia pamoja na nusu tu ya ahadi zilizobaki. Kikao cha kwanza watu wananung'unika, ukumbi unakuwa mdogo. Lakini mweka hazina analala.

#29 Kaka Mkubwa_K

Wageni 110 wa bure ni karibu theluthi ya harusi. Hapo ndipo pa kukata.

#30 Mama Wawili

Ukate nani? Bibi aliyemlea bwana harusi umwambie abaki Singida? Hao ndio wenye harusi. Mimi ningekata mapambo kwanza. Milioni tatu za maua ya bandia ambayo kesho yake yanapelekwa harusi nyingine.

#31 Fundi Spika

Mama hapo umegusa. Watu wa mapambo bado wanaongea, hasa kama mmelipa advansi ndogo. Waambieni waondoe dari la vitambaa, wabakize meza kuu na njia ya kuingilia. Taa za ukumbi zikipunguzwa vizuri hakuna anayeangalia juu.

#32 Mhasibu wa Tabata

Wakuu, mrejesho. Jana usiku tumekaa kikao cha dharura na nimewasomea baadhi ya mabandiko ya humu.

Tumeshusha wageni mpaka 300. Hao 50 ni kadi ambazo zilikuwa hazijalipiwa hata shilingi. Tumeokoa 1,400,000 kwenye chakula na vinywaji. Mapambo yameshuka kutoka 3,000,000 mpaka 2,000,000, dari limeondoka. Magari tumepata ya ndugu watatu, tunaweka mafuta tu 200,000, tumeokoa 600,000. Bajeti mpya ni 20,800,000. Ndege, kichwa kimoja sasa ni elfu 69 na ushee, kimepanda kama ulivyofundishwa.

Fedha nayo imesogea. Mwenyekiti wa kwaya amegawa ile laki nane kwa majina, kila mwanakwaya ametumiwa kiasi chake, na kwa siku mbili imeingia 430,000. Wa kazini tumempata mtu mmoja ndani ya ofisi yao anayezunguka meza kwa meza, ameleta nyingine 430,000. Jumla iliyo mkononi sasa ni 16,700,000. Pengo ni 4,100,000.

Mjomba ametembelewa na babu. Hakukataa. Amesema aliahidi akitegemea kuuza kiwanja na mnunuzi amerudi nyuma. Ameleta mbuzi wawili na mchele gunia moja, na watu wa chakula wamekubali kuvipokea ila bado hawajasema watapunguza kiasi gani.

#33 Bint Sahare

Hongereni. Mchele gunia la kilo mia ni chakula cha watu wengi, msikubali waupokee kama zawadi. Upigiwe hesabu ya bei ya sokoni na upunguze bei ya sahani, iandikwe.

#34 Ndege Mjanja

430,000 ya kwaya inaonyesha Mzee alikuwa sahihi, ahadi ya kikundi haina mwenyewe.

#35 Fundi Spika

Na 430,000 ya ofisini inaonyesha mimi nilikuwa sahihi, walisahau tu na mfuko ulikuwa mkavu. Subirini tarehe 25 muone.

#36 Bint Sahare

Au inaonyesha wanamheshimu huyo anayezunguka meza, kwa sababu yeye amewachangia. Muulizeni amekaa ofisini hapo miaka mingapi.

#37 Mzee wa Kibosho

Hilo pengo la 4,100,000, nani amesaini kulibeba? Msiende ukumbini Jumamosi bila kujua. Mwenye ukumbi atataka salio kabla ya kufungua mlango. Nimeshuhudia maharusi wamekaa kwenye gari nje huku kamati inachangishana kwenye maegesho.

#38 Mhasibu wa Tabata

Mwenye ukumbi tumemaliza naye, ilikuwa malipo ya kwanza kabisa. Linalobaki ni sehemu ya chakula, picha na video, na vinywaji. Mpiga picha amekubali tumlipe salio akikabidhi kazi, kwa hiyo ana sababu ya kungoja. Baba mzazi amesema atakopa kwenye chama chake cha akiba na mkopo kama milioni mbili, na ahadi zitakazoingia mwisho wa mwezi zimrudishie. Mimi sikupenda, lakini kikao kimepitisha.

#39 Mama Wawili

Ahadi zinazolipwa baada ya harusi ni chache sana, kaka. Watu wakishakula, daftari linafungwa vichwani mwao. Mwandikeni baba kwenye orodha kama mdai, na kamati isivunjwe mpaka amalizwe. Kikao cha kuvunja kamati kisifanywe kwa bia.

#40 Mhasibu wa Tabata

Nimeandika. Swali langu la mwisho, maana kesho tunagawa kadi: kuna watu wameahidi dabo, wamelipa 50,000, na wanasema wanakuja na wake zao, nyingine wataleta mlangoni. Hiyo 50,000 haifiki hata singo ya 70,000. Nawapa kadi gani?

#41 Mzee wa Kibosho

Wape singo, waandikie wanadaiwa elfu ishirini. Mlangoni hakuna anayelipa, mlinda mlango hana risiti.

#42 Mama Wawili

Mzee, wengine hao ni watu wazima na wake zao wameshashona sare. Mke arudishwe mlangoni na gauni lake? Mlo wao wawili ni 56,000, mmepungukiwa elfu sita. Wape dabo.

#43 Fundi Spika

Wako wangapi kwanza? Wakiwa kumi ni jambo la huruma. Wakiwa arobaini ni sahani arobaini ambazo watu wa chakula lazima wazijue kesho kabla ya saa kumi.